Kwa nini LEFT JOIN imeangusha mitumbwi miwili

*Shikamoo mwalimu. Jaribio letu la SQL lilitutaka tuorodheshe kila mtumbwi uliosajiliwa, pamoja na jumla ya kilo za dagaa ulizoshusha mwezi Machi 2024, hata kama haukushusha kitu. Chaguo A lilitumia INNER JOIN, B na C yote yalitumia LEFT JOIN. Tofauti ya B na C ni kwamba B liliweka tarehe kwenye WHERE, C likaiweka kwenye ON. Nilichagua B kwa sababu najua LEFT JOIN haipotezi mstari wa kushoto, lakini nimeambiwa B linatoa jibu lilelile la A. Inawezekanaje? Mwanafunzi, Nyegezi, Mwanza.*

Marahaba. Chaguo sahihi ni C, na aliyekuambia kwamba B halitofautiani na A amekueleza kweli. Unachokijua kuhusu LEFT JOIN nacho ni kweli, ila ukweli huo unahusu hatua moja tu ya kazi, yaani hatua ya kuunganisha majedwali. Baada ya hatua hiyo kuna WHERE, na WHERE haijui mstari upi uliokolewa na LEFT JOIN na upi ulipata mwenzake kwa njia ya kawaida. Yenyewe hupima kila mstari uliofika mbele yake kwa sharti uliloliandika, na ule usiotimiza sharti huondolewa. Mitumbwi uliyotaka kuiona iliokolewa kwanza, kisha ikaondolewa.

Ili jambo hili lionekane, tuchukue majedwali mawili madogo yanayofanana na ya jaribio lako. La kwanza lina mitumbwi iliyosajiliwa, na la pili ni daftari la mapokezi, ambamo karani wa mwalo huandika mzigo kila mtumbwi unapotia nanga asubuhi.

```
mitumbwi
id  jina     mwalo
1   Tumaini  Igombe
2   Neema    Igombe
3   Subira   Kayenze
4   Baraka   Igombe
```

```
mapokezi
id   mtumbwi_id  tarehe      kilo
101  1           2024-03-04  80
102  1           2024-03-11  65
103  2           2024-03-05  120
104  3           2024-02-20  40
105  NULL        2024-03-09  30
```

Iangalie mitumbwi miwili ya mwisho kwa makini, kwa kuwa haifanani. Subira ulishusha mzigo mwezi Februari lakini haukushusha Machi. Baraka haumo kabisa katika daftari, pengine kwa kuwa injini ilikuwa kwa fundi au mbao zilikuwa zinazibwa upya. Majaribio mengi huwa na mtumbwi wa aina ya Baraka peke yake, na hapo ndipo mwanafunzi anapoona mambo ni mepesi kuliko yalivyo. Tofauti kati ya Subira na Baraka itatufaa mbele kidogo. Mstari wa 105 nao, ambao hauna namba ya mtumbwi, uache kwanza.

Hii ndiyo amri ya chaguo B:

```sql
SELECT m.jina, SUM(p.kilo) AS jumla
FROM mitumbwi m
LEFT JOIN mapokezi p ON p.mtumbwi_id = m.id
WHERE p.tarehe >= '2024-03-01'
  AND p.tarehe <  '2024-04-01'
GROUP BY m.id, m.jina;
```

Ingawa SELECT imeandikwa juu, maana ya amri hii husomwa kuanzia FROM. Kwanza majedwali yanaunganishwa kwa sharti la ON, kisha WHERE inachuja, kisha GROUP BY inakusanya mistari katika makundi, na mwishoni kabisa SELECT inatoa safu ulizoziomba. Kanzidata ina uhuru wa kufanya kazi kwa mpangilio mwingine ndani kwa ndani ili iende haraka, lakini jibu lake ni lazima liwe lile ambalo mpangilio huu ungelitoa.

Tufuate basi hatua ya kwanza. ON inasema kwamba namba ya mtumbwi katika mapokezi ilingane na namba ya mtumbwi uliosajiliwa. Tumaini unapata mistari miwili, Neema mmoja, na Subira mmoja, ule wa Februari, kwa sababu ON ya chaguo B haisemi lolote kuhusu mwezi. Baraka haupati mwenzake, na hapo LEFT JOIN inafanya kazi yake: inautunza mstari wa Baraka na kujaza NULL, yaani nafasi isiyo na thamani, katika safu zote za upande wa kulia. Mwishoni mwa hatua hii tuna mistari mitano, na mitumbwi yote minne imo. Kama ungeisimamisha amri hapa, imani yako kwamba hakuna mstari wa kushoto unaopotea ingekuwa imethibitika.

Sasa inakuja WHERE. Mistari miwili ya Tumaini na mmoja wa Neema ina tarehe za Machi, kwa hiyo inapita. Mstari wa Subira una tarehe 20 Februari, kwa hiyo unaondolewa, jambo ambalo halishangazi. Linalohitaji maelezo ni Baraka. Tarehe yake ni NULL, na katika SQL ukilinganisha NULL na kitu chochote, iwe kwa alama ya kuwa sawa, kubwa au ndogo, jibu haliwi kweli wala si kweli. Linakuwa la tatu, yaani haijulikani. Ukiwa huijui tarehe, huwezi kusema kwamba imefika tarehe 1 Machi, wala huwezi kusema kwamba haijafika. WHERE nayo hupitisha mstari pale tu jibu linapokuwa kweli. Haijulikani haitoshi. Baraka unaondolewa pamoja na Subira, na jibu la mwisho linabaki na mitumbwi miwili: Tumaini kilo 145 na Neema kilo 120. INNER JOIN yenye sharti hilohilo la tarehe ingekupa mitumbwi hiyo miwili na kilo hizohizo.

Hili si jambo la bahati mbaya katika data yetu. Sharti lolote katika WHERE linaloishughulikia safu ya jedwali la kulia, na ambalo haliwezi kuwa kweli safu hiyo ikiwa NULL, linaigeuza LEFT JOIN kuwa INNER JOIN, bila onyo. Kanzidata zenyewe zinalijua hilo. PostgreSQL, kwa mfano, ikiona sharti la namna hiyo huibadilisha LEFT JOIN kuwa muungano wa ndani kabla hata ya kuanza kutafuta data, na unaweza kuliona kwa macho yako ukiitanguliza amri yako kwa neno `EXPLAIN`. Amri ya B itaonyesha mpango wa aina ya `Hash Join` au `Nested Loop`, bila neno `Left` wala `Right`, wakati ile ya C itaonyesha `Hash Left Join`, `Hash Right Join` au kitu cha ukoo huo. Umeandika LEFT, lakini mpango hauna LEFT wala RIGHT: hapo shuku kwanza kwamba kuna sharti katika WHERE lililoifuta.

Chaguo C linalihamisha sharti la tarehe, nami nimeongezea COALESCE, inayoweka 0 pale jumla inapokuwa NULL:

```sql
SELECT m.jina, COALESCE(SUM(p.kilo), 0) AS jumla
FROM mitumbwi m
LEFT JOIN mapokezi p
  ON  p.mtumbwi_id = m.id
  AND p.tarehe >= '2024-03-01'
  AND p.tarehe <  '2024-04-01'
GROUP BY m.id, m.jina;
```

Hapa swali linaloulizwa wakati wa kuunganisha limebadilika. Kwa kila mtumbwi, kanzidata inatafuta mapokezi yaliyo ya mtumbwi huo na yaliyo ya Machi kwa pamoja. Mzigo wa Subira wa Februari hautimizi sharti, kwa hiyo Subira unahesabiwa kuwa haujapata mwenzake, sawa na Baraka, na yote miwili inatunzwa ikiwa na NULL upande wa kulia. Hakuna WHERE ya kuiondoa. Jibu lina mitumbwi minne: Tumaini 145, Neema 120, Subira 0, Baraka 0. Hiyo sifuri inatokana na COALESCE, kwa kuwa SUM ya kundi lenye NULL tupu hutoa NULL na si sifuri. Bila COALESCE mitumbwi hiyo ingeonekana ikiwa na nafasi wazi mbele ya majina yake.

Wengi wakishaelewa kwamba NULL ndiyo iliyomwondoa Baraka, hujaribu kulinusuru chaguo B kwa kuongeza kipande kimoja katika WHERE:

```sql
WHERE (p.tarehe >= '2024-03-01' AND p.tarehe < '2024-04-01')
   OR p.tarehe IS NULL
```

Nimeiona njia hii katika kazi za wanafunzi na hata katika ripoti za watu walioajiriwa, nami naiona ni hatari kuliko kosa la kwanza, kwa sababu inaonekana imefanya kazi. Ukiijaribu kwa data yetu, Baraka unarudi na sifuri yake, na mtu anaridhika. Lakini Subira haupo. Subira ulipata mwenzake katika hatua ya kuunganisha, ule mzigo wa Februari, kwa hiyo haukuwahi kujazwa NULL. Ulifika mbele ya WHERE ukiwa na tarehe halisi isiyo ya Machi na isiyo NULL, ukaondolewa kwa vipande vyote viwili vya sharti. Ripoti ya namna hii inaonyesha mitumbwi iliyofanya kazi Machi na mitumbwi ambayo haijawahi kufanya kazi kabisa, na inaificha ile iliyokuwa ikifanya kazi kisha ikasimama. Kwa kiongozi wa BMU, kikundi kinachosimamia mwalo, anayetaka kujua ni nani wamesimama mwezi huu, hao ndio hasa aliokuwa akiwatafuta. Na kadiri daftari linavyozeeka, ndivyo mitumbwi isiyo na mapokezi hata mara moja inavyopungua, na ndivyo kosa hili linavyokaribia kutoa jibu lilelile la INNER JOIN.

Usije ukatoka hapa na kanuni kwamba masharti yote yahamie ON. Sharti linalohusu jedwali la kushoto lina hukumu iliyo kinyume. Tuseme jaribio limekutaka uonyeshe mitumbwi ya Igombe peke yake. Ukiandika `AND m.mwalo = 'Igombe'` ndani ya ON, Subira wa Kayenze utaonekana bado katika orodha, tena na sifuri, kwa kuwa kazi ya ON katika LEFT JOIN ni kuamua nani ni mwenzake wa nani, wala haina mamlaka ya kumwondoa aliye kushoto. Mbaya zaidi ni kwamba mtumbwi wa Kayenze ulioshusha kilo nyingi mwezi huo nao ungeonyeshwa kuwa haukushusha kitu. Sharti hilo mahali pake ni WHERE. Kwa hiyo unapopata sharti, jiulize linahusu nini: kama linachagua ni mitumbwi ipi iwemo katika orodha, liende WHERE, kama linachagua ni mapokezi yapi yahesabiwe kwa kila mtumbwi, liende ON. Katika INNER JOIN unaweza kuliweka kokote na jibu halibadiliki, na nadhani ndiyo sababu walimu wengi huanza na INNER JOIN bila kuligusa suala hili, halafu mwanafunzi anafika kwenye LEFT JOIN akiwa na mazoea ya kuweka kila kitu katika WHERE.

Mahali pengine panapofanana na hapa, na ambapo hutokea sana katika majaribio, ni pale swali linapoomba idadi badala ya jumla: kila mtumbwi umeshusha mara ngapi. Ukitumia `COUNT(*)` katika amri ya C, Subira na Baraka zitaonyeshwa kuwa zimeshusha mara moja moja. COUNT(*) huhesabu mistari, na kila mmoja wao ana mstari mmoja, ule uliojazwa NULL. Andika `COUNT(p.id)`, ambayo huhesabu tu mistari ambayo safu hiyo ina thamani, nawe utapata Tumaini 2, Neema 1, Subira 0 na Baraka 0. Chagua safu isiyoweza kuwa NULL katika jedwali lake la asili, kama ilivyo `id`, maana ukichagua safu ambayo karani anaweza kuiacha wazi utapunguza idadi kwa sababu nyingine kabisa.

Ni lini basi INNER JOIN ndiyo jibu? Ni pale ambapo mtumbwi usio na mzigo hauna la kusema katika swali. Ukiulizwa wastani wa kilo kwa kila mzigo ulioshushwa Machi, au majina ya mitumbwi inayotakiwa kulipiwa ushuru kwa mizigo ya mwezi huo, Subira na Baraka hazihusiki, na kuziingiza kwa LEFT JOIN ni kujitafutia NULL ambazo utalazimika kuziondoa baadaye. Katika karatasi ya jaribio, maneno kama «kila», «yote», «hata kama» na «ikiwemo isiyo na» yanakuelekeza kwenye LEFT JOIN, huku jedwali la kitu kinachotajwa baada ya neno «kila» likikaa kushoto. Kabla ya kuandika amri, hesabu mistari ya jedwali hilo. Jaribio lako lilisema kila mtumbwi; mitumbwi ni minne; kwa hiyo jibu lenye mistari miwili, au mitatu, limekosea kabla hujasoma hata kilo moja.

Hesabu ya mistari peke yake, hata hivyo, haitoshi kuithibitisha jumla, na hapa ndipo mstari wa 105 unapoingia. Jibu la C lina kilo 145 na 120, ambazo kwa pamoja ni 265. Ukijumlisha moja kwa moja kilo zote za Machi katika jedwali la mapokezi utapata 295. Kilo 30 hazionekani popote katika jibu, ingawa mitumbwi yote minne imo. Karani aliandika mzigo bila namba ya mtumbwi, na kwa kuwa NULL hailingani na namba yoyote, mzigo huo haukupata mwenzake. LEFT JOIN hutunza upande wa kushoto tu, na mapokezi yako kulia. Kwa jaribio lako chaguo C linabaki kuwa sahihi, kwa sababu swali liliuliza kuhusu mitumbwi iliyosajiliwa. Kwa ripoti itakayosomwa mwaloni, kilo hizo ni mali ya mtu.

Ili kuipata mizigo ya namna hiyo unageuza pande, mapokezi yakae kushoto:

```sql
SELECT p.id, p.tarehe, p.kilo
FROM mapokezi p
LEFT JOIN mitumbwi m ON m.id = p.mtumbwi_id
WHERE m.id IS NULL;
```

Utaona kwamba hapa nimeweka katika WHERE sharti la jedwali la kulia, kinyume na nilivyokuonya, na ni kwa makusudi. `IS NULL` ni sharti linalokuwa kweli pale mwenza anapokosekana, kwa hiyo haliifuti LEFT JOIN bali linabakiza ile mistari tu iliyokosa mwenzake. Amri hii itakuletea mstari wa 105, na ingekuletea pia mzigo ulioandikiwa namba ya mtumbwi ambao haumo katika usajili, kama jedwali la mapokezi halikuwekewa ufunguo wa kigeni wa kulizuia hilo. Kilo 30 za tarehe 9 Machi zinaweza kuwa za Tumaini, na zinaweza kabisa kuwa za Baraka, ambao sasa hivi una sifuri. SQL haiwezi kuliamua hilo kwa data iliyomo. Linaamuliwa kwa daftari la karatasi la siku hiyo, na namba ikishapatikana na kujazwa katika `mtumbwi_id`, kilo za jibu la C kwa pamoja zitafika 295 bila amri kubadilishwa hata herufi moja.